Bi Tope na Mnara wa Maji

Jina la Bi Tope lilianza kama utani wa mlinzi wa getini. Binti wa miaka ishirini na mitatu, ameajiriwa majuzi katika maabara ya udongo ya idara ya ujenzi, kila siku akitoka kazini ana udongo kwenye kucha, kwenye pindo la gauni, wakati mwingine hata sikioni. "Haya, kwaheri, Bi Tope," mlinzi akawa anamuaga. Jina likanata. Mwaka haukuisha, hata mkuu wa idara alikuwa analitumia kwenye barua za kikazi.

Sasa ana miaka sabini na kitu, magoti yanamlalamikia kila akiinuka, na katika yote aliyoyapitia ile maabara ndiyo humjia kwa urahisi zaidi. Chumba kirefu chenye madirisha ya juujuu. Meza ya saruji iliyolainika kwa viwiko vya watu. Tanuri la kukaushia udongo lililokuwa likinguruma kutwa, na mizani ambayo haikusema kweli mpaka uigonge kidogo ubavuni. Na harufu! Harufu ya udongo mbichi unaoanza kupata joto. Wengine hukumbuka ujana wao kwa nyimbo. Yeye huukumbuka kwa harufu hiyo.

Ujuzi wenyewe hakuupata chuoni peke yake. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na kabla binti hajajua kusoma alikwishajua udongo unaokubali dole gumba na udongo unaolikataa. "Usiuulize kwa macho," mama alikuwa akimwambia, "macho yanadanganyika. Uulize kwa kidole." Chuoni walimpa majina na hesabu za mambo ambayo mkono wake ulikwishayazoea.

Pale maabara alimkuta mchimbaji mmoja waliyemwita Taratibu. Alikuwa mrefu, mkimya, na kazi yake ilikuwa kuzungusha keekee ya udongo, kile chombo cha chuma cha kutobolea ardhi chenye mpini wa kukingama, kinachoingia ardhini mita baada ya mita na kurudi na udongo mdomoni. Vijana wenzake walishindana kwa haraka. Yeye kila mtu akimhimiza alijibu neno moja tu, "Taratibu." Alisema mkono ukienda mbio hausikii. Bi Tope mwanzoni alimwona mzembe. Baadaye, mh, baadaye mambo yalikuwa mengine.

Basi mwaka wake wa nne kazini, kukaja mradi wa mnara wa maji. Hospitali na mitaa iliyoizunguka ilikuwa inapata maji kwa zamu, na akina mama wodini walikuwa wanaletewa ndoo na ndugu zao. Serikali ikakubali kujenga tangi juu ya nguzo nne, tangi la lita laki moja na themanini elfu. Kila nguzo ingesimama juu ya kitako chake cha zege, mita mbili kwa mbili, mita moja chini ya ardhi. Ukijumlisha maji na zege, kila kitako kingebeba tani sabini na mbili.

Mhandisi wa mradi alikuwa kijana msafi, suruali imenyooka pasi, akili kama wembe. Alikuwa amechimbisha mashimo mawili ya mita mbili na kukuta udongo wa mfinyanzi mgumu tangu juu hadi chini. Juu ya hapo akafanya jaribio la sahani. Aliweka bamba la chuma lenye upana wa sentimita thelathini katika shimo la kina cha mita moja, akaliwekea mzigo hatua kwa hatua, akapima linavyozama. Lilizama kidogo mno. Karatasi zikaja maabara zipigwe muhuri tu.

Bi Tope alizisoma mara mbili. Sampuli zilikuwa nzuri kweli. Alikuwa amezikandamiza mwenyewe kwenye mashine, na kila moja ilikuwa inakataa kama punda. Lakini mita mbili? Mnara ule?

"Taratibu," alimwambia mchimbaji chai ikiwa mkononi, "ungekuwa wewe, ungeacha kuchimba kwenye mita mbili?"

"Waliniambia niache," alijibu. "Nikaacha. Lakini moyo haukutulia."

"Kwa nini?"

Taratibu alizungusha kikombe. "Lile shimo la pili. Pale mwisho mwisho, mpini ulikuwa unaanza kuniachia. Si sana. Kama mtu anayekubali jambo huku bado anabisha."

Hilo lilimtosha. Alikwenda kwa mkuu wa idara akaomba siku mbili na gari. Mkuu alimtazama juu ya miwani, akasema, "Bi Tope, ukirudi mikono mitupu, mimi sikukutuma." Akatia sahihi.

Walichimba katikati ya zile alama nne za nguzo. Mita ya kwanza, udongo mgumu, rangi ya kahawia, umepasukapasuka. Mita ya pili, vilevile. Jua la miaka na miaka lilikuwa limelikausha tabaka la juu likawa kama kigae. Walipopita mita mbili na nusu, Taratibu aliacha kuzungusha.

"Shika," alisema.

Bi Tope alishika mpini. Keekee ilikuwa inaingia yenyewe, kwa uzito wake tu, bila mtu kuisukuma. Walipoivuta, mdomoni kulikuwa na udongo wa kijivu, umelowa, unang'aa. Aliuminya. Ulipita katikati ya vidole vyake bila ubishi wowote, na mama yake angeutupa, kwani chungu kisingesimama.

"Utando juu ya uji," Taratibu alisema.

Hawakuishia hapo. Waliteremsha fimbo yenye mapanga manne madogo ya chuma kwenye ncha, wakayachomeka kwenye udongo ule laini pasipochimbwa, wakazungusha polepole wakisoma ni nguvu kiasi gani inahitajika mpaka udongo ukatike. Walirudia kila nusu mita. Tabaka la juu lilikuwa na nguvu mara sita ya lile la chini. Lile laini lilikuwa na unene wa mita nne, na changarawe ngumu ilianza mita sita na nusu. Usiku ule Bi Tope alikaa na penseli, na asubuhi hesabu zilikuwa zinamtazama usoni.

Mhandisi wa mradi alimpokea kwenye kibanda cha bati cha eneo la ujenzi. Alikuwepo pia msimamizi wa kampuni ya ujenzi, mtu mnene mwenye sauti ya kuvunja kokoto, aliyejenga maghorofa kabla mhandisi hajazaliwa.

"Sahani ilibeba," mhandisi alisema. "Umeona mwenyewe."

"Sahani ni ya sentimita thelathini, Mhandisi. Shinikizo lake linaisha karibu. Ukishuka mara mbili ya upana wake, udongo hauna habari nalo. Ilionja utando tu. Kitako chako ni cha mita mbili, chenyewe kitaonja mpaka chini."

"Na tabaka gumu si linatawanya mzigo?"

"Linatawanya, ndiyo. Tuchukue kila mita moja ya kushuka mzigo unajitanua nusu mita kila upande. Chini ya kitako umebaki na mita moja na nusu ya udongo mgumu. Kwa hiyo mzigo wa mita mbili kwa mbili unafika kwenye udongo laini ukiwa wa mita tatu na nusu kwa tatu na nusu. Gawanya tani sabini na mbili hapo."

Mhandisi alikuwa amekwishagawanya kichwani. "Karibu tani sita kwa kila mita ya mraba."

"Na udongo ule unashindwa kabisa ukifika tani tisa na kitu. Sisi tunataka akiba ya mara tatu, yaani udongo uweze kubeba mara tatu ya mzigo. Hapa kuna mara moja na nusu."

Halafu msimamizi akacheka, akapiga paja.

"Dada yangu, mbona rahisi! Tunaongeza kina. Nusu mita zaidi, basi. Msingi mrefu ndio msingi. Baba yangu alinifundisha hivyo, na nyumba zake zote zimesimama."

"Hapa ukiongeza kina unaukaribia uji, Mzee," Bi Tope alisema. "Utando unabaki mita moja. Akiba inashuka mpaka karibu moja. Hapo tangi likijaa, linatafuta sababu tu ya kuzama."

"Ati kuchimba zaidi kunadhoofisha msingi?" Msimamizi alimgeukia mhandisi. "Umesikia maajabu?"

Mhandisi hakucheka, lakini hakukubali pia. Alikuwa na ratiba ukutani, chuma kimefika, na barua ya hospitali inayouliza maji lini. Alisema atafikiri. Na Bi Tope alijua kwamba zege lilipangwa kumwagwa Jumatatu. Siku ile ilikuwa Alhamisi.

Njiani kurudi Taratibu aliongea huku akiendesha gari. "Yule mzee hatasikia hesabu. Lakini ana macho. Na ana vidole."

Wakafanya kazi Ijumaa kutwa. Walichukua makarai matatu. La kwanza walilijaza udongo mgumu, umeshindiliwa vizuri. La pili waliweka udongo laini uliokorogwa na maji, kisha juu yake tabaka gumu la sentimita nne na nusu. La tatu hivyohivyo, ila tabaka gumu likawa sentimita tatu. Bi Tope alikata vipande vitatu vya mti, sentimita sita kwa sita, viwe ndivyo vitako, sentimita tatu badala ya kila mita. Alipokuwa analisawazisha lile tabaka la juu kwa kiganja kilicholowa, aliona Taratibu amesimama anamtazama.

"Unatazama nini?"

"Mkono wako," alisema. "Haujawahi kuniambia uongo." Akatoka haraka kwenda kuosha sepetu iliyokuwa safi tayari. Miaka hamsini imepita, na Bi Tope akifika hapo kwenye kisa hiki bado hutabasamu akatazama chini.

Jumamosi walipakia makarai kwenye gari, wakaenda nayo taratibu kama wanaobeba mayai. Kibandani waliyapanga sakafuni, kila kipande cha mti kikiwa ndani ya fremu ya kukizuia kisiinamie upande, na juu yake ubao wa kuwekea mawe ya mizani.

"Mzee," Bi Tope alisema, "naomba uweke wewe mwenyewe. Kilo moja moja."

Msimamizi alichuchumaa huku akiguna. Karai la kwanza: kumi, ishirini, thelathini. Kipande hakikutikisika. "Si nilisema?"

Karai la pili. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Msimamizi akamkonyeza mhandisi. Ishirini na mbili, bado kimya. Alipoweka ya ishirini na tatu, kipande kilitumbukia. Hakikulegea kwanza, wala udongo wa pembeni haukuvimba kutoa onyo. Kilizama tu, *pwii*, kikiwa kimelikata lile tabaka gumu kama mtu anavyokata andazi kwa kikombe, na kipande cha udongo mgumu kikashuka nacho mpaka ndani ya tope. Mawe yakabiringika sakafuni.

Msimamizi alihamia karai la tatu bila kuambiwa, lile lenye tabaka jembamba, lile la pendekezo lake la kuongeza kina. Alihesabu kwa sauti, na sauti ilikuwa imepungua. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane, *pwii*.

Alibaki amechuchumaa. Akaingiza kidole kwenye tundu la karai la pili, akapapasa kuta zake zilizokatika wima, halafu tope la chini. Akakitoa, akakitazama.

"Kwa hiyo kinachotubeba," alisema polepole, "ni hizi kuta zinazong'ang'ania pembeni, na huyu uji wa chini."

"Hao wawili tu, Mzee. Ukizijumlisha kuta na uji kwa kitako chetu, unapata akiba ileile, moja na nusu. Njia mbili, jibu moja. Na ukichimba zaidi, kuta zinakuwa fupi."

"Baba yangu hakuwahi kujenga hapa," msimamizi alisema. Ndivyo alivyokubali. Hakuna aliyemdai neno zaidi ya hilo.

Mhandisi alikuwa amekaa mezani, koti amevua, anaandika. Alirudia hesabu zote kwa mkono wake, za kutawanyika na za kutoboka, akapekua daftari la vipimo vya mapanga mstari kwa mstari. Mwisho aliweka kalamu chini. "Jumatatu hatumwagi," alisema. Kisha akamtazama Bi Tope, na kwa mara ya kwanza hakuwa na ule unyoofu wa pasi. "Ningeua watu. Chini ya mnara kuna njia ya kwenda wodi ya wazazi."

"Hukuua mtu," Bi Tope alimjibu. "Keti tufikirie."

Nguzo ndefu za kushindilia mpaka kwenye changarawe zilikuwa jibu zuri, ila mashine ya kuzishindilia ilikuwa mbali, nalo daraja la kuingilia lisingeibeba. Wakachagua njia nyingine. Vitako vinne viliachwa, pakachorwa bamba moja la zege, mita tisa kwa tisa, lenye kuzibeba nguzo zote nne. Nalo lililazwa juu, nusu mita tu chini ya ardhi, ili libaki na mita mbili kamili za udongo mgumu. Mzigo wote, ukishafika kwenye tabaka laini, ulikuwa chini ya tani tatu kwa mita ya mraba. Akiba ilipita mara tatu. Msimamizi aliyepigania kina sasa alikuwa anawafokea vibarua, "Nani amechimba kuzidi alama? Usiniguse utando wangu!"

Bi Tope alikuwa amewaonya pia kwamba kutozama ghafla si sawa na kutoshuka. Udongo laini ukibanwa hutoa maji yake polepole, miaka, na bamba lingeshuka kidogo kidogo. Kwa hiyo fundi bomba aliunga mabomba kwa viungo vinavyopinda, na tangi likajazwa kwa hatua: robo, wakangoja wiki, nusu, wakangoja, hadi juu. Kila hatua yeye na Taratibu walikuwa pale na darubini ya kupimia usawa, wakisoma alama kwenye nguzo nne. Katika miaka mitatu mnara ulishuka sentimita sita, na nguzo moja haikuizidi nyingine hata sentimita moja. Maji yalifika wodini. Hakuna mgonjwa aliyejua lolote kuhusu makarai, na ndivyo inavyotakiwa.

Ni katika kungoja kule ndiko yeye na Taratibu walikoanza kukaa kwenye kivuli cha mnara, chupa ya chai katikati, wakiongea mambo ambayo hayakuwa ya udongo. Alimposa mwaka wa pili wa vipimo. Alichukua muda mrefu kweli kulisema, na Bi Tope, aliyekuwa hana subira kwa asili, aliapa kwamba safari hii asimhimize. Shangazi zake walishangaa: msomi mzima anaolewa na mzungusha keekee? Mama yake, yule mfinyanzi, alimshika mgeni mkono, akaugeuza kiganja juu, akakibonyeza kwa dole gumba. "Huyu amekomaa," alisema, na majadiliano yakaishia hapo.

Waliishi pamoja miaka thelathini na minane. Watoto watatu, hakuna hata mmoja aliyetaka udongo; mmoja ni mwalimu, mmoja nesi, wa mwisho anauza simu. Taratibu aliondoka kama alivyoishi, bila haraka, akimwachia muda wa kusema yote. Maabara ya zamani ilibomolewa. Vifaa vikahamia jengo la vioo lenye mashine zinazoandika majibu zenyewe. Walimwalika siku ya ufunguzi, wakampa kiti cha mbele. Alizunguka, akasifu, na kweli mashine zilikuwa nzuri. Ila palikuwa hapana harufu. Alirudi nyumbani akavua viatu, akakaa ukumbini muda mrefu bila kuwasha redio.

Huzuni yake si ya kulia. Ni ile ya mtu aliyezoea kuulizwa, akaacha kuulizwa.

Mwaka jana, asubuhi moja akiwa anachambua mchele, simu iliita. Namba ngeni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Hunijui, Mama. Mimi ni mwanawe yule msimamizi wa mnara wa maji. Mzee alitutangulia miaka mingi iliyopita. Nami ni mjenzi. Tupo kwenye eneo la ghala, na wenzangu wamechimba mita mbili wakasema udongo ni mgumu, tumwage. Lakini Mzee alituachia wosia. Alisema, mkikuta udongo mgumu juujuu, kabla ya kufurahi mtafuteni Bi Tope."

Bi Tope aliweka ungo pembeni. Alijikuta amesimama, magoti na malalamiko yake yote.

"Ghala lina nguzo zenye upana gani wa kitako?"

"Mita mbili na nusu, Mama."

"Na mmepitisha keekee chini zaidi ya hizo mita mbili?"

"Hapana."

"Basi pitisheni. Msiishie penye ugumu, nendeni mara mbili ya upana wa kitako kutoka chini yake, na mkikuta laini msiache mpaka mlimalize. Mnipimie unene wa lile gumu, na nguvu ya lile laini. Mwambie anayezungusha asikimbie. Asikilize mkono."

"Sawa, Mama. Nikupigie jioni?"

"Nipigie ukiwa hapohapo shimoni. Mimi nipo."

Akakata simu, akavuta kiti hadi dirishani palipo na mtandao mzuri, akamwomba mjukuu wake amtafutie penseli.